Meneja Amekizidi Kigezo, Lakini kwa Uamuzi Upi?

Ripoti ya mwaka ya mfuko wa pensheni huwa na ukurasa mmoja ambao wadhamini huusoma kwanza, na wengi wao huishia hapo hapo. Ni ukurasa wenye namba mbili: faida aliyoleta meneja wa uwekezaji, na faida ambayo ingeletwa na kigezo anachopimwa nacho. Ya kwanza ikiizidi ya pili, kikao kinakuwa kifupi na chai inanyweka vizuri. Ikipungua, meneja ataulizwa maswali mpaka jua litue.

Chukulia mfuko wa kubuni wa wafanyakazi jijini Nairobi, ulioanza mwaka ukiwa na shilingi bilioni 1. Mwaka ulipoisha, meneja alikuwa ameuongezea milioni 101.5. Kigezo kingeleta milioni 87. Amekizidi kwa milioni 14.5, na kwa ukurasa ule wa kwanza hana deni na mtu. Ila ndani ya hizo milioni 14.5 mna uamuzi mmoja ulioutia mfuko hasara ya milioni 11.5 ukilinganisha na kigezo, na mwingine ulioufunika na kuacha ziada. Jumla haionyeshi lolote kati ya hayo. Mdhamini anayeishia kwenye jumla anampongeza meneja kwa mambo mawili, ilhali moja lilistahili karipio.

Hesabu ya kuitenganisha ziada hiyo ipo, na si ngeni. Imejengwa juu ya kazi ya Gary Brinson wa Chicago na wenzake, walioiandika katika makala mbili: ya mwaka 1985, aliyoiandika na Nimrod Fachler, na ya mwaka 1986, aliyoiandika na Randolph Hood na Gilbert Beebower. Anayejua kuzidisha na kutoa anaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu. Kinachohitaji akili zaidi ni kujua majibu yake yanamhusu nani, na ni wakati gani yanadanganya.

Kwanza, kigezo chenyewe. Wadhamini wa mfuko wetu waliandika sera ya uwekezaji, kama Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu ya Kenya, RBA, inavyowataka wafanye. Kanuni zinaweka dari tu: hatifungani za serikali zisizidi asilimia 90 ya mfuko, hisa zilizoorodheshwa sokoni zisizidi 70, uwekezaji wa nje ya nchi usizidi 15. Chini ya dari hizo kila mfuko unajipangia. Huu wetu uliamua kwamba katika hali ya kawaida utaweka 60 kwenye hatifungani, 30 kwenye hisa za Soko la Nairobi na 10 nje. Kila kundi likapewa kipimo chake cha soko. Ukichanganya vipimo hivyo kwa uzito wa sera, unapata kigezo: faida ambayo mfuko ungeipata kama meneja angefuata sera neno kwa neno na kununua soko lote bila kuchagua chochote.

Meneja lakini hakufuata neno kwa neno, na mkataba wake unamruhusu. Aliamini hisa zingepanda, akazijaza hadi 45, akipunguza hatifungani na mali za nje. Kisha ndani ya kila kundi akachagua alichokitaka. Mwaka ulipofungwa, hali ilikuwa hivi:

| Kundi | Uzito wa sera | Uzito wa meneja | Faida ya kipimo | Faida ya meneja |
|---|---|---|---|---|
| Hatifungani | 60% | 50% | 10% | 11% |
| Hisa za Nairobi | 30% | 45% | 4% | 9% |
| Nje ya nchi | 10% | 5% | 15% | 12% |

Njia rahisi ya kuisoma jedwali hii ni ile ya makala ya 1986: kuunda mifuko minne, miwili ya kweli na miwili ya kufikirika. Wa kwanza ni kigezo, uzito wa sera na faida za soko, ambao tumeshaona unaleta milioni 87. Wa mwisho ni mfuko halisi, uzito wa meneja na faida za meneja, milioni 101.5. Hesabu yote imo katika ile miwili ya katikati.

Mfuko wa pili unachukua uzito wa meneja lakini faida za soko. Ni kama kuuliza: meneja angegawa fedha jinsi alivyogawa, kisha akanunua soko lote katika kila kundi bila kuchagua, angepata nini? Milioni 500 za hatifungani kwa asilimia 10 ni milioni 50. Milioni 450 za hisa kwa asilimia 4 ni 18. Milioni 50 za nje kwa asilimia 15 ni 7.5. Jumla milioni 75.5. Kigezo kilileta 87. Kwa hiyo ugawaji wake peke yake, kabla hajachagua hata hisa moja, uliurudisha mfuko nyuma kwa milioni 11.5.

Mfuko wa tatu unageuza: uzito ni wa sera, faida ni za meneja. Hapa swali ni kama angeheshimu mgawo wa wadhamini na kuonyesha ufundi wake ndani ya makundi tu. Milioni 600 kwa asilimia 11 ni 66, milioni 300 kwa asilimia 9 ni 27, milioni 100 kwa asilimia 12 ni 12. Jumla milioni 105, ambazo zinakizidi kigezo kwa milioni 18. Hicho ndicho alichokileta kwa kuchagua.

Picha imeanza kuonekana. Meneja huyu ni mchaguzi hodari, hasa wa hisa, na mwaka huu alikuwa mgawaji mbaya. Alirundika fedha kwenye kundi lililofanya vibaya kuliko yote, kisha akajiokoa kwa kuchagua hisa nzuri ndani ya kundi hilo hilo.

Mwenye jicho kali ameshaona tatizo. Toa 11.5 kwenye 18, inabaki 6.5, lakini ziada ni 14.5. Milioni 8 hazijulikani ziko wapi.

Haziko popote pabaya. Fikiria kiwanja cha mstatili. Ukikiongeza upana, unapata ukanda mpya upande mmoja. Ukikiongeza urefu, unapata ukanda mwingine. Ukiongeza vyote kwa pamoja, kuna kona inayotokea ambayo si ya upana peke yake wala ya urefu peke yake. Milioni 8 ni kona hiyo, na wataalamu huiita athari ya mwingiliano. Sehemu kubwa yake inatoka kwenye hisa. Meneja aliongeza milioni 150 juu ya sera, na kwenye kila shilingi ya hisa aliizidi soko kwa pointi 5, na asilimia 5 ya milioni 150 ni 7.5. Uchaguzi wake mzuri ulifanya kazi juu ya fedha nyingi kuliko sera ilivyotaka.

Upande wa nje kuna jambo linalowachanganya wengi. Huko meneja alichagua vibaya, pointi 3 chini ya soko, na pia alipunguza uzito kwa milioni 50. Mwingiliano wake ni milioni 1.5, na alama yake ni ya kujumlisha. Makosa mawili yamezaa faida? Kwa hesabu, ndiyo, kwa sababu fedha zilizopitia mikononi mwa uchaguzi mbaya zilikuwa nusu tu ya zile zilizopangwa. Mdhamini anayeona namba hiyo pekee, bila kuambiwa imetoka wapi, anaweza kudhani kuna ujanja uliofanyika ng'ambo. Hakuna uliofanyika.

Wapeleke wapi hizo milioni 8? Hapa wapimaji hawakubaliani, na ubishi wao una maana. Baadhi huiacha ikiwa safu yake yenyewe. Wengi zaidi huiingiza kwenye uchaguzi, kwa hoja kwamba kwa kawaida uamuzi wa kugawa hutangulia: kamati inaamua kiasi cha fedha kiende kwenye hisa, kisha wachaguzi wanapewa fungu hilo walifanyie kazi. Wao wanapaswa kupimwa kwa fedha walizopewa kweli, na wala si kwa zile ambazo sera ilikuwa imeandika. Kwa njia hiyo uchaguzi wa meneja wetu unakuwa milioni 26 na ugawaji unabaki kuwa upungufu wa 11.5. Ziada ni ile ile, 14.5. Njia hii inamfaa mfuko unaoendeshwa kuanzia juu kwenda chini. Kwa meneja anayeanza na hisa moja moja, anayejikuta na asilimia 45 ya hisa kwa sababu tu alizipenda kampuni nyingi, kutenganisha ugawaji na uchaguzi ni kumbandikia uamuzi ambao hakuwahi kuufanya. Ripoti nyingi hazisemi zimetumia njia ipi. Ni swali la kwanza ambalo mdhamini anapaswa kuuliza.

Swali la pili linahusu lawama za ugawaji zinavyogawanywa kwa makundi, na ndipo jina la Fachler linapoingia. Tunajua ugawaji ulipoteza milioni 11.5. Nani kati ya makundi matatu alibeba hasara hiyo? Njia ya moja kwa moja inasema: chukua tofauti ya uzito, uizidishe kwa faida ya kipimo cha kundi. Hisa ziliongezwa milioni 150, soko lilileta asilimia 4, basi uamuzi wa kuongeza hisa ulileta milioni 6. Hatifungani zilipunguzwa milioni 100, soko likaleta asilimia 10, hasara milioni 10. Nje, hasara milioni 7.5. Jumla ni 11.5, na hesabu imefunga.

Imefunga, lakini inasema upuuzi. Inadai kwamba kujaza hisa kulikuwa jambo jema, eti kwa sababu hisa zilileta faida ya asilimia 4. Wakati huo huo kigezo kizima kilileta 8.7. Kila shilingi iliyopelekwa kwenye hisa ilitolewa mahali ambapo, kwa wastani, ingepata zaidi ya mara mbili. Brinson na Fachler waliliona hili mwaka 1985: kundi halipimwi kama limepata faida, linapimwa kama limeizidi faida ya kigezo kizima. Hisa zilikuwa pointi 4.7 chini ya kigezo, kwa hiyo kuziongezea milioni 150 kulileta hasara ya milioni 7.05. Hatifungani zilikuwa pointi 1.3 juu, na kuzipunguza milioni 100 ni hasara ya milioni 1.3. Nje ilikuwa pointi 6.3 juu, na kuipunguza milioni 50 ni hasara ya milioni 3.15. Jumla bado ni 11.5, lakini mhusika mkuu amebadilika. Njia ya kwanza ingewafanya wadhamini wamlaumu meneja kwa kuuza hatifungani na kumshukuru kwa hisa. Ya pili inawaelekeza kwenye hisa moja kwa moja. Leo ripoti nyingi hutumia ya pili, na ukiona ripoti ambayo kuongeza uzito wa kundi lililoshindwa na kigezo kumepewa alama ya kujumlisha, ujue aliyeiandaa ametumia ya kwanza, ama kwa makusudi ama kwa kutojua.

Makala ya 1986 imepata umaarufu mkubwa kwa namba moja, na imesomwa vibaya kwa namba hiyo hiyo. Brinson, Hood na Beebower walichukua mifuko 91 mikubwa ya pensheni ya Marekani kwa miaka 10, kuanzia 1974 hadi 1983. Waligundua kwamba sera ya uwekezaji, ule mgawo wa msingi kati ya hisa, hatifungani na fedha taslimu, ilieleza kwa wastani asilimia 93.6 ya kupanda na kushuka kwa faida za mfuko robo kwa robo. Mara namba hiyo ikaanza kunukuliwa na wauzaji wa huduma za uwekezaji kana kwamba inasema asilimia 93.6 ya faida yako inatoka kwenye ugawaji, na kwamba kuchagua hisa hakuna maana.

Namba hiyo haisemi hivyo. Inasema kwamba soko la hisa likipanda, mfuko wenye hisa nyingi unapanda nalo, na likishuka unashuka nalo. Mwaka 2000 Roger Ibbotson na Paul Kaplan walilichambua swali hilo upya kwa data ya mifuko ya Marekani. Kwa mfuko mmoja kupanda na kushuka kwake kadiri muda unavyokwenda, sera inaeleza kama asilimia 90. Lakini ukiuliza kwa nini mfuko huu umeushinda ule, sera inaeleza kama asilimia 40 tu. Maswali mawili tofauti, majibu mawili tofauti, na mdhamini anayelinganisha meneja wake na wa jirani anauliza la pili.

Kilichozungumzwa kidogo zaidi katika makala ile ni wastani wenyewe. Sera za mifuko ile 91 zingeleta asilimia 10.11 kwa mwaka. Mifuko ilipata 9.01. Kuhama kutoka mgawo wa sera kulipunguza pointi 0.66, uchaguzi wa hisa na hatifungani ukapunguza 0.36, na mabaki kidogo yakachukua yaliyosalia. Tena sera yenyewe haikuwa waraka uliowekwa kabla: watafiti walichukua wastani wa mgawo halisi wa kila mfuko katika miaka ile 10 na kuuita sera. Mfuko ulipimwa kwa mazoea yake wenyewe, na bado wastani wake ukashindwa.

Turudi Nairobi, kwa sababu hapo ndipo hesabu hii safi inapokutana na soko lisilo safi. Athari yote ya uchaguzi wa hisa inasimama juu ya namba moja katika jedwali letu: asilimia 4 ya kipimo cha hisa. Kipimo kipi? Soko la Nairobi lina NSE 20, kilichoanza mwaka 1964 na kinachochukua kampuni 20 kwa wastani wa bei usiojali ukubwa wa kampuni. Lina pia NASI, kilichoanza mwaka 2008, kinachojumuisha kampuni zote kwa uzito wa thamani yake sokoni. Katika NASI, Safaricom peke yake imewahi kubeba zaidi ya nusu ya uzito wote. Hisa yake ilipita shilingi 40 mwaka 2021, kisha ikamaliza mwaka 2023 ikiwa chini ya shilingi 15.

Mtu aliyepimwa kwa NASI katika miaka ile alikuwa anapimwa, kwa kiasi kikubwa, kwa jambo moja: alikuwa na Safaricom kiasi gani. Meneja mwangalifu asiyetaka nusu ya hisa za wastaafu iwe kwenye kampuni moja alionekana hana ufundi Safaricom ilipopanda, na akaonekana bingwa iliposhuka, hata kama hakubadilisha chochote. Safu ya uchaguzi ingebeba alama ya kutoa upande mmoja na ya kujumlisha upande mwingine, na jina lililoandikwa juu yake lingekuwa ufundi. Ndiyo maana ripoti nzuri haiishii kwenye athari ya uchaguzi kwa kundi zima. Hesabu ile ile inaweza kushuka hadi kampuni moja moja, ikionyesha ni hisa zipi zilileta pointi 5 zile. Ikiwa pointi 4 kati ya hizo zimetoka kwa kutokuwa na kampuni moja kubwa, mdhamini anajua alichonunua.

Dar es Salaam wana sura nyingine ya tatizo hilo. Faharisi ya DSEI ya Soko la Hisa la Dar es Salaam hujumuisha pia kampuni za Kenya zilizoorodheshwa huko, kama KCB na kampuni ya bia ya EABL, ambazo bei zake zinafuata Nairobi na hazina biashara kubwa Dar. Faharisi ya TSI ina kampuni za ndani tu. Mfuko wa Tanzania unaonunua NMB, CRDB na Twiga ukipimwa kwa DSEI, bia ikipanda Nairobi meneja wa Dar ataonekana ameshindwa kuchagua.

Kuna kasoro nyingine isiyopiga kelele, na ndiyo inayoweza kula ziada yote. Faharisi nyingi za hisa hufuata bei tu. Hazihesabu gawio. Mfuko halisi, kwa upande wake, unapokea gawio na kuliingiza kwenye faida yake. Tuseme ile asilimia 4 ya kipimo cha hisa ilikuwa ya bei peke yake, na kampuni za soko zililipa gawio la asilimia 5 kwa wastani, kiwango ambacho si cha ajabu Nairobi ambako benki kadhaa hulipa zaidi ya hapo. Basi soko kwa kweli lilileta 9, sawa sawa na meneja. Uchaguzi wake wa hisa, ulioonekana wa milioni 15 kwa uzito wa sera, unakuwa sifuri. Mwingiliano wa hisa, milioni 7.5, nao unakuwa sifuri. Na kigezo kizima hakiwi tena milioni 87. Asilimia 30 ya sera ikizidishwa kwa pointi 5 za gawio ni milioni 15 zaidi, kwa hiyo kigezo kinafika milioni 102. Meneja alileta 101.5. Yule bingwa wa ukurasa wa kwanza ameshindwa na kigezo kwa nusu milioni, na hakuna tarakimu hata moja ya mfuko wenyewe iliyobadilishwa.

Kosa hili linagundulika kwa urahisi kuliko linavyodhaniwa. Ukiona athari ya uchaguzi wa hisa ni ya kujumlisha mwaka baada ya mwaka, na ukubwa wake unakaribiana na gawio la soko, usiulize kwanza meneja anajua nini. Uliza faharisi inahesabu nini.

Ipo pia mipaka ambayo hesabu yenyewe haiwezi kuivuka. Kwa hatifungani, kupima uchaguzi kwa njia hii ni kupima nguo kwa kilo: pointi 1 ya ziada aliyopata meneja inaweza kuwa imetoka kwa kununua hatifungani za miaka 20 badala ya za miaka 5 wakati riba zikishuka, jambo ambalo ni dau juu ya riba na halina uhusiano na kuchagua dhamana bora. Mifuko mikubwa huchambua upande huo kwa njia nyingine, ikitenga muda wa kukomaa na mwenendo wa riba. Miaka nayo haijumlishiki ovyo: asilimia 10 mwaka huu na 10 mwakani ni 21, kwa hiyo athari za robo moja moja zikijumlishwa hazifiki ziada ya mwaka mzima, na ripoti lazima iseme imetumia njia gani kuziunganisha. Meneja akiuza na kununua katikati ya robo, hesabu inayotazama uzito wa mwanzoni tu itaacha mabaki. Mabaki madogo ni ya kawaida. Yakikua hadi kukaribia athari zenyewe, ripoti haifai kusomwa.

Kisha kuna bahati. Ugawaji wa mwaka ule ulipoteza milioni 11.5. Chukulia mwaka unaofuata meneja anashikilia uzito ule ule, 50, 45 na 5, hatifungani zinaleta 10 na nje 15 kama awali, ila hisa zinaamka na kuleta 20. Kigezo kitaleta asilimia 13.5. Kwa kila bilioni 1, ugawaji ule ule sasa unaleta ziada ya milioni 12.5. Meneja hajajifunza lolote wala hajasahau lolote kati ya miaka hiyo miwili.

Ugawaji wa mfuko wa aina hii ni dau moja kubwa kwa mwaka, labda mawili. Miaka mitano inakupa madau matano, na mtu anayerusha shilingi anaweza kupatia manne kati ya matano bila ujuzi wowote. Uchaguzi wa hisa ni tofauti kidogo. Meneja mwenye kampuni 15, kila moja ikiwa uamuzi wake yenyewe, anatoa ushahidi wa haraka zaidi katika muda huo huo, mradi kampuni hizo zisiwe zote benki zinazopanda na kushuka pamoja. Kwa hiyo wadhamini wa mfuko wetu wana sababu ya kuanza kuamini uchaguzi wa meneja baada ya miaka michache ikiwa faharisi inahesabu gawio, na wana sababu ya kumwekea mipaka mifinyu zaidi ya uzito, mathalani pointi 5 juu au chini ya sera badala ya 15. Kwa jedwali lile la awali, ikiwa hisa zingekuwa 35, hatifungani 57 na nje 8, ugawaji ungepoteza milioni 4 tu, na uchaguzi ungebaki na fungu la kutosha la kufanyia kazi.